Skrinshoti sio hela! Mzigo wamebeba, akaunti haina kitu, na bado wananidai risiti

Fundi_Chapa: Wakuu naandika nikiwa na hasira mnivumilie. Nina kaofisi ka kuchapa fulana Kariakoo, kuna taasisi moja walileta oda ya fulana za kola 120, moja 18,000, jumla 2,160,000. Wakatanguliza nusu, 1,080,000, ikaingia vizuri, nikawaandikia nimepokea kiasi hiki, tarehe hii, kwa invoisi namba hii, baki ni kiasi hiki, na risiti nikawapa. Mpaka hapo hakuna ugomvi.

Ijumaa jioni dada wao wa manunuzi anapiga, "kaka baki tumeshalipa, dereva yuko njiani", akatuma na skrinshoti ya benki. Jina langu lipo, akaunti yangu ipo, kiasi kipo, ila kwa chini imekatwa. Kijana wa dukani kaona tarakimu ziko sawa katoa mzigo wote. Jumatatu nafungua statimenti, hamna. Namuuliza dada ananijibu "sisi tumelipa, kaulize benki yako". Naenda, foleni mpaka mlangoni, wananiambia kwao hakijafika kitu na bila namba ya rejea hawana pa kuanzia. Narudi naomba slipu au basi skrinshoti isiyokatwa, dada ananuna eti namwona tapeli. Nilivyomkomalia katuma nzima, na pale palipokuwa pamekatwa pameandikwa "Pending Approval". Yaani hela haijatoka hata kwao!

Na bado wanataka risiti ya EFD ya baki "ili bosi asaini". Bosi anataka risiti ya hela ambayo yeye mwenyewe ndo kaikalia. Jamani!

Mzee_wa_Kaunta: Pole sana, hizi meseji feki zimezidi. Mimi mtu akisema katuma naangalia salio langu kwanza, meseji yake baadaye. Kuna jamaa kaja na meseji ina kila kitu, mpaka namba ya muamala, kumbe imetoka kwenye namba ya kawaida ya simu sio jina la mtandao. Wewe piga huduma kwa wateja haraka wairudishe kabla hajaitoa.

Fundi_Chapa: Mzee wangu hii ni benki sio simu, na hela haijatumwa, warudishe nini sasa 😩

MamaLeja: Mimi nakaa upande wa wanaolipa. Akaunti ya taasisi inakuwa na watu wawili au zaidi, mmoja anaingiza malipo mwingine anaidhinisha. Kikishaingizwa tu skrini inaonyesha jina lako na kiasi, mtu wa manunuzi asiyejua anapiga picha anakutumia kwa nia njema kabisa. Lakini muamala unaweza kukaa hapo siku kadhaa, na wa juu akiukataa hakuna kitakachokufikia.

Achana na dada. Andika barua pepe kwa mhasibu, mkopi mkuu wake, fupi tu: tunaomba uthibitisho wa malipo ya 1,080,000 kwa invoisi namba kadhaa, yaani slipu ya benki yenye namba ya rejea, tarehe hela ilipotoka kwenye akaunti yenu, na hali ya muamala. Neno utapeli usiliweke popote. Kama wanatumia TISS, ule mfumo wa kuhamisha hela benki kwa benki, ikiidhinishwa saa za kazi mara nyingi inafika siku hiyohiyo. Wakikupa rejea na kesho yake bado kimya, hapo ndo benki yako ina cha kufuatilia.

Boda_Biashara: Na risiti usitoe kabisa mpaka hela isome. Ukitoa risiti umesema umelipwa, umekwisha.

MamaLeja: Nusu kweli hiyo. TRA wanaangalia mauzo, na mzigo umeshatoka, kulipwa au kutolipwa mtajuana wenyewe. Kama anatumia VFD, yaani EFD ya kwenye simu au kompyuta, kuna sehemu ya aina ya malipo, aweke INVOICE, asiweke CASH, ijulikane ni mauzo ya mkopo. Ule ujumbe wa "tumepokea" ndo asiuandike mpaka aione hela kwenye statimenti.

Boda_Biashara: Haya, huyo bosi anajua INVOICE na CASH? Ataona risiti ina stempu atasema hawa washalipwa, faili lifungwe.

MamaLeja: Hapo sibishi, nimeona wenzangu wanaibandika hiyohiyo kwenye vocha ya malipo.

Fundi_Chapa: Mrejesho. Barua pepe nimetuma, mkurugenzi nimemkopi. Dada kanifuata WhatsApp "kaka umenichomea". Mhasibu kajibu kistaarabu, anasema mwenye kuidhinisha yuko safari Dodoma na tokeni ya benki kaenda nayo. Sasa kama tokeni anayo huko huko, si abonyeze tu??

Mzee_wa_Kaunta: Kwahiyo huduma kwa wateja umepiga au hujapiga?