Barua ya kumwalika Diwani kwenye mkutano wa mtaa imerudishwa, naomba mnisahihishie

Katibu_Ujiji
Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu wa kamati ya maji ya mtaa, hapa Ujiji. Nimeandika barua ya kumwalika Diwani, mwenyekiti wa kamati akairudisha akasema "Kiswahili chake hakijatulia na ina amri ndani yake". Hakufafanua. Naiweka hapa kama ilivyo:

> YAH: KUHUSU MWALIKO WA MKUTANO
>
> Mheshimiwa Ndugu Diwani,
>
> Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Kamati ya maji inakutaka kuhudhuria bila kukosa mkutano wa wakazi itakayofanyika siku ya Jumapili tarehe 14/6/2025, saa 10:00 asubuhi, katika uwanja ya ofisi ya mtaa. Ajenda ni vituo vya kuchotea maji ambayo yameharibika na michango ya matengenezo. Maoni zenu zitatusaidia sana na kuhudhuria kwako utakuwa faraja kwetu. Ukishindwa utoe taarifa mapema.
>
> Wako mtiifu,

Nakala nyingine zinakwenda kwa Mtendaji wa Kata, Shekhe na Mchungaji. Nikosoeni bila kunionea haya.

Mzee_wa_Muhtasari
Katibu, kabla ya sarufi tazama kalenda. Tarehe 14 Juni 2025 ni Jumamosi. Siku na tarehe zisipolingana, nusu ya watu watafuata siku na nusu watafuata tarehe. Na hiyo "saa 10:00 asubuhi" umeitoa kwenye simu. Msomaji wa Kiswahili akiona 10:00 anasoma saa kumi, halafu neno "asubuhi" linamchanganya. Andika saa 4:00 asubuhi.

Sasa upatanisho. Kila kitenzi kina mwenyewe, na barua yako inakosea pale kitenzi kinapokaa mbali na mwenyewe. Chukua "vituo vya kuchotea maji ambayo yameharibika". Kilichoharibika ni nini, maji au vituo? Ni vituo, lakini neno lililo karibu na kitenzi ni "maji", nalo limekuvuta. Funika kwa kidole maneno "vya kuchotea maji", usome kilichobaki: "vituo ambavyo vimeharibika". Ukiiacha kama ilivyo, Diwani ataelewa kwamba maji ndiyo mabovu, na huenda akaja na bwana afya badala ya fundi bomba.

Fanya vivyo hivyo kwa "mkutano wa wakazi itakayofanyika". Funika "wa wakazi": mkutano *utakaofanyika*. Uwanja ni *wa* ofisi. Maoni ni *yenu*, nayo *yatatusaidia*. Kisha "kuhudhuria kwako utakuwa": nadhani kichwani ulikuwa na neno "uwepo", mkono ukaandika "kuhudhuria". Kuhudhuria *kwako kutakuwa*. Sikiliza jinsi "ku" inavyorudi mara tatu. Isiporudi, sikio lenyewe linakwambia.

Bint_Gungu
Mzee shikamoo. Mimi naona tatizo kubwa ni heshima. Kiongozi haambiwi "wewe". Aandike "Mheshimiwa, mnakaribishwa", na "tunawaalika". Wingi ndio heshima.

Mzee_wa_Muhtasari
Marahaba binti. Majumbani wapo wanaozungumza hivyo na mkubwa, na inapendeza. Kwenye barua yenye jina la cheo kimoja inaleta swali: "mnakaribishwa" mimi na nani? Aje na wajumbe wake? Viti vingapi viandaliwe? Kiswahili cha barua kinaweka heshima kwenye kitenzi na kwenye cheo. Kiambishi -ku- hakimvunjii mtu heshima. "Tunayo heshima kukualika" ni umoja na bado ameheshimiwa. Unachosema kinafaa pale unapoiandikia ofisi: "tunaomba ofisi yenu itusaidie".

Katibu amechanganya vyote viwili, "maoni zenu" halafu "kuhudhuria kwako". Kwa Diwani peke yake ni "maoni yako" mpaka mwisho.

Mtani_wa_Reli
Huku Kasulu vijijini hatuandiki barua, tangazo linasomwa kwa kipaza sauti na kwenye nyumba za ibada. Nifanyeje, nalo lianze na YAH?

Mzee_wa_Muhtasari
Hapana ndugu, hilo ni la masikio. Anza na "Wakazi wote mnaalikwa", hapo wingi ndio mahali pake. Taja siku, saa na mahali, kisha urudie siku na saa mwishoni kwa sababu aliyechelewa kusikia hawezi kurudi juu kusoma.

Karani_Mstaafu
Mimi naitetea "Husika na kichwa cha habari". Ni fomula ya ofisi, imezoeleka toka zamani. Msimtishe kijana.

Mzee_wa_Muhtasari
Imezoeleka, sikatai, na barua haitarudishwa kwa hilo peke yake. Lakini "husika" ni kitenzi cha kuamuru, sawa na "kaa" au "njoo". Sentensi ya kwanza inamwamuru Diwani, ya pili "inakutaka", inafuata "bila kukosa", na ya mwisho "utoe taarifa". Hizo ndizo amri alizoziona mwenyekiti. "Bila kukosa" mwandikie mjumbe wa kamati, ambaye ni wajibu wake kufika. Mgeni anaombwa.

"YAH" tayari ni "yahusu", kwa hiyo "YAH: KUHUSU" ni kusema mara mbili. Na Mheshimiwa akishaitwa Mheshimiwa, Ndugu inapumzika. Ningeiandika hivi:

> YAH: MWALIKO WA KUHUDHURIA MKUTANO WA WAKAZI
>
> Mheshimiwa Diwani,
>
> Kamati ya maji ya mtaa inayo heshima kukualika kwenye mkutano wa wakazi utakaofanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni, 2025, kuanzia saa 4:00 asubuhi, katika uwanja wa ofisi ya mtaa.
>
> Mkutano utajadili vituo vya kuchotea maji vilivyoharibika na michango ya kuvitengeneza. Maoni yako yatatusaidia kufikia uamuzi, na kuhudhuria kwako kutawapa wakazi nafasi ya kukueleza hali ilivyo.
>
> Endapo utakuwa na udhuru, tutashukuru kupata taarifa kabla ya tarehe 12 Juni ili tujipange.

Angalia nimeandika "vilivyoharibika" badala ya "ambavyo vimeharibika". Inashika palepale, haiachi nafasi ya maji kuvuta. Chini weka sahihi, jina kamili, kisha cheo: Katibu, Kamati ya Maji. Anayesaini kwa ajili ya mwingine atangulize k.n.y.

Bint_Gungu
Hapo nimeelewa. Na zile nakala? Mtendaji naye ni Mheshimiwa?

Karani_Mstaafu
Mtendaji ni mtumishi, huandikiwa "Ndugu". Mheshimiwa ni wa Diwani, Mbunge, Mkuu wa Wilaya na wenzao.

Mtani_wa_Reli
Huku Mtendaji usipomwita Mheshimiwa barua inakaa mezani wiki nzima.

Mzee_wa_Muhtasari
Kwa mazoea ya ofisi yuko sahihi Karani, ila siwezi kumkatalia Mtani anayeishi na Mtendaji wake. Kwa viongozi wa dini tumia cheo chao wenyewe: "Shekhe," na "Mchungaji," bila kurundika kingine juu yake. Usiigeuze barua yote, badilisha jina la mpokeaji na mstari wa salamu tu, halafu usome upya nakala kwa nakala. Kosa la kawaida ni Mchungaji kupokea barua inayoanza "Mheshimiwa Diwani".

Katibu_Ujiji
Asanteni sana wazee wangu. Bado moja: "Wako mtiifu" niiache?

Karani_Mstaafu
Weka "Wako katika ujenzi wa taifa".

Mzee_wa_Muhtasari
Mimi ningeandika "Wako," nikasaini. "Mtiifu" ni ya mtu anayeomba kazi, na hapa kamati ndiyo inayoalika.

Karani_Mstaafu
Mtaa nao ni taifa, mkuu. Mimi hiyo siiondoi.

Katibu_Ujiji
Nitampelekea mwenyekiti zote mbili achague. Kesho asubuhi nachapa.