Miezi saba natafuta kazi, nimepata simu tano tu. Nibadilishe njia au bado mapema?

binti_wa_Wete
Assalaam alaykum. Mie nina stashahada ya uhasibu, nimemaliza 2024, naishi Wete na wazee wangu. Tangu Oktoba naomba kazi ya msaidizi wa mhasibu, zaidi mahotelini Unguja. Sasa ni katikati ya Mei 2025. Nimeshaomba nafasi 41, nimepigiwa simu tano, nimekaa usaili mara tatu, kazi sijapata. Baba ananiambia niwache uhasibu nikasomee ualimu. Naomba wenye uzoefu waniambie, kwa kawaida mtu hutafuta muda gani? Na ajue vipi kwamba sasa wakati wa kubadilisha umefika?

Mkarafuu_Mmoja
Waalaykum salaam. Miezi mitatu inatosha, dada. Ukipita miezi mitatu bila ya kazi, ujue njia yako haifai. Na hizo barua pepe wacha kabisa, hakuna anayezifungua. Chukua bahasha, panda daladala ya Nungwi, teremka ugonge mlango mmoja mmoja. Mie nilipata kazi ya mapokezi Kendwa kwa mtindo huo huo.

Subira_Chake
Pole sana mdogo wangu. Usikate tamaa, mimi niliomba serikalini, nikasubiri miezi kumi na minne. Tangazo lilitoka, tukafanya mtihani wa kuandika, kimya kirefu, khalafu ndio tukaitwa mahojiano. Leo nipo kazini. Weka vyeti vyako tayari pamoja na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na usiwe na haraka.

binti_wa_Wete
Ahsante dada Subira. Serikalini nimeomba nafasi nne, moja nimefanya mtihani Februari, bado nasubiri. Lakini swali langu hasa ni la mahoteli.

mama_Fuoni
Mwanangu, mie nimekaa ofisi za utumishi za mahoteli ya pwani ya mashariki miaka kumi na moja. Kabla hujaambiwa uwache fani yako, hebu tugawie hiyo 41. Ngapi kwa barua pepe, ngapi kwa mkono, na kila moja uliituma mwezi gani? Na zile simu tano zilitoka wapi?

binti_wa_Wete
Nimerudi kwenye daftari langu, Bi mkubwa. Kwa mkono ni nane, zote Novemba, nilipokwenda Unguja wiki mbili. Zilileta simu tatu. Kwa barua pepe ni 29. Kati ya hizo, tisa nilituma kati ya Oktoba na Disemba, nikapata simu mbili. Ishirini zilizobaki nimetuma Machi, Aprili na Mei hii, na hakuna hata moja iliyojibiwa. Zile nne za serikali ndizo zinatimiza 41.

Mkarafuu_Mmoja
Si nilikwambia? Mkono nane simu tatu, barua pepe 29 simu mbili. Jibu hilo hapo.

mama_Fuoni
Kaka Mkarafuu, gonga milango ni ushauri mzuri, lakini hesabu hii haisemi hivyo. Tazama miezi. Barua pepe za kabla ya mwaka mpya ni tisa, simu mbili. Za mkono ni nane, simu tatu. Hapo tofauti ni ndogo mno, huwezi kujengea hoja. Tofauti kubwa ni baina ya Disemba na Machi: tisa zikaleta mbili, ishirini zikaleta sifuri, na barua ni ile ile, mtu ni yule yule.

Kilichobadilika ni msimu. Mwaka huu Ramadhani imechukua Machi, ikafuatiwa na masika. Aprili na Mei wageni wanapungua sana, hoteli nyingine zinafunga kabisa ili zipake rangi na kutengeneza paa, na wafanyakazi wanapewa likizo. Mie mwenyewe miezi hiyo kazi yangu ilikuwa kupanga nani akae nyumbani. Barua za waombaji nilizipokea, nikaziweka. Msimu ukirudi nilishika zilizoingia karibuni, zile za Machi zilikuwa zimezikwa chini.

Kwa hiyo usiihesabu miezi saba kama miezi saba. Kwa mahoteli umetafuta kweli kweli miezi mitatu, Oktoba mpaka Disemba. Na simu tano kwa maombi 17 si mbaya kwa mtu asiye na uzoefu. Wasifu wako unasomwa. Ungekuwa na kasoro, ungekosa simu hata Novemba.

Sasa niambie, simu tano, usaili mara tatu. Mbili zilikwenda wapi?

binti_wa_Wete
Zote mbili ni zile za barua pepe. Nilikuwa nyumbani Wete. Mmoja alisema njoo kesho saa nne asubuhi Paje. Siku ile sikuwa na boti ya kunifikisha, nikamuomba siku mbili, akasema atanipigia. Wa pili vile vile.

mama_Fuoni
Hapo ndipo penye tundu. Hatupigi simu mpaka mtu ameshaondoka, na hesabu za mwezi zinasubiri. Nina majina matano mkononi, anayefika kesho ndiye ninayemwona. Sikumchukia wa Pemba, lakini sikumsubiri.

Kwa hiyo badilisha mahali ulipo, fani iwache kwanza. Kama una jamaa Unguja, kaa kwake kuanzia wiki ya mwisho ya Mei mpaka katikati ya Julai. Wasifu uandike anwani ya huko. Zile hoteli ishirini za kimya ziombe upya, kwa tarehe mpya. Juni ndio tunajaza nafasi za msimu mkubwa. Mwishoni mwa Julai huwa pana mlango mdogo tena, maana baadhi ya waliochukuliwa Juni hawamalizi muda wa majaribio.

Kuhusu lini ubadilishe kingine, mie ningepima hivi. Ukituma 15 ndani ya Juni ukiwa Unguja na simu isifike hata moja, basi wasifu wako una shida, ulete tuutazame. Ukipigiwa, ukakaa usaili mara tano au sita zaidi na wote wakakuacha, shida iko ndani ya chumba cha usaili. Tatu ulizokaa bado ni chache.

binti_wa_Wete
Katika zile tatu, wawili walinipa karatasi ya bidhaa za stoo nilinganishe na ankara. Nilijibu. Wa tatu aliniuliza kama nimewahi kufunga hesabu za usiku, nikasema sijawahi.

kijana_Jambiani
Mimi niko hesabu za hoteli. Ukipewa nafasi ya karani wa stoo, ichukue. Mimi nilianzia huko, baada ya mwaka na nusu nikahamishiwa ofisi ya mhasibu. Kupokea samaki na mboga, kupima, kulinganisha na ankara, hayo ndiyo mhasibu wa hoteli anayoulizwa kila siku.

mama_Fuoni
Hapo mie na wewe hatukubaliani. Nimewaona waliohamishwa, na nimewaona waliokaa stoo miaka mitano kwa sababu mkuu wao hakutaka kuwapoteza. Aulize kwanza kwenye usaili: karani aliyekuwepo kabla amekwenda wapi?

Subira_Chake
Na mtihani wake wa serikali je? Akiitwa mahojiano Juni na yeye yuko Paje?

binti_wa_Wete
Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, dada. Khaloo wangu yuko Mwanakwerekwe, nimempigia jana usiku, amesema chumba kipo mpaka Julai. Baba amekubali nende, ila fomu ya ualimu ameshaichukua, iko juu ya kabati.