Barua ya kiti mwendo: nimpe stesheni masta Kigoma au niitume makao makuu?

Bangwe_2: Wadau, mwezi ujao nasafiri na mama Kigoma hadi Dar, treni ya reli ya zamani. Anatumia kiti mwendo. Barua ya kuomba asaidiwe kupanda na kushuka nimpe stesheni masta hapa, au niitume makao makuu? Au nimwone tu kondakta siku ya safari?

Mwana_wa_Ujiji: Barua ya nini? Kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010. Fikeni tu, watawabeba.

Mzee Relwe: Sheria ipo, mwanangu, lakini haina mikono. Wabebaji lazima wajulikane kabla treni haijaingia. Kondakta siku hiyo ana abiria wa behewa zima.
Kata tiketi kwanza upate namba ya behewa na kitanda. Daraja la pili chumba kina vitanda sita, omba cha chini. Kisha peleka barua hapa, kopi mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Dar pia wapate nakala. Wengi huandika "Nakala kwa" chini ya sahihi halafu hawaitumi!

Bangwe_2: Shikamoo mzee. Nimeanza hivi: "YAH: OMBI LA MSAADA. Mama yangu ni mlemavu, tunaomba msaada wenu."

Mzee Relwe: Marahaba. Sasa anayesoma hapo aandae nini? Anaweza kusimama? Kiti kinakunjwa?

Dada_Urambo: Mimi nilimsafirisha baba kutoka Tabora, nikakubali mwenyewe kiti kiende behewa la mizigo. Kufika Dar abiria wote wameshuka, baba yuko kitandani anasubiri kiti kitoke mwisho wa treni. Na barua nilikuwa nimeipeleka Tabora tu. Kosa langu.

Bangwe_2: Nimeirekebisha:

"YAH: ABIRIA WA KITI MWENDO, BEHEWA NA. … KITANDA NA. …
Mama anasimama kwa sekunde chache akishikwa, ila hapandi ngazi. Ana kilo 71. Kiti kinakunjwa, naomba kibaki chumbani. Naomba watu wawili Kigoma, saa moja kabla ya kuondoka, na wawili Dar es Salaam mlangoni mwa behewa. Nasafiri naye, simu yangu ni …"

Mzee Relwe: Hiyo inabebeka. Ongeza upana wa kiti kikiwa wazi. Kama hakipiti mlangoni, atabebwa mikononi, na wabebaji wajue mapema. Hapo hata wawili sina hakika wanatosha.

Kasulu_Kwetu: Kwa nini msishuke Dodoma mkapanda SGR? Mtafika mapema.

Dada_Urambo: Stesheni ya SGR Dodoma siyo ile ya zamani. Ni kushuka, teksi, kupanda tena. Na barua nyingine mbili.

Kasulu_Kwetu: Bado naona bora, mgonjwa asikae sana njiani.

Bangwe_2: Mama si mgonjwa, ndugu, ni miguu tu. Ila nitamuuliza mwenyewe. Kiti nimekipima, sentimita 63. Kesho naenda stesheni na futi nipime mlango.