Tupeane uzoefu: mteja amekwama kwa chatboti, nyie mnamfikishaje kwa mhudumu?

fundi_mjumbe: Wakuu habari zenu. Nipo kwenye timu inayotengeneza chatboti ya huduma kwa wateja. Sheria yetu ilikuwa boti ikisema "samahani sijakuelewa" mara 2 mfululizo, mteja anapelekwa kwa mhudumu. Tukajua tumemaliza. Juzi nikakaa kusoma chati ya mteja aliyekatwa hela mara mbili kwa oda moja. Kaandika "nimekatwa mara mbili", boti ikamletea maelezo ya jinsi ya kulipa. Kaandika "siyo hiyo, hela yangu imeenda mara 2", ikajibu sijakuelewa, hesabu ikawa 1. Kaandika "malipo yamejirudia", ikaleta maelezo YALEYALE na hesabu ikarudi 0 maana kwa akili ya boti hapo imeelewa. Kaenda hivyo meseji 11, hesabu haijawahi kufika 2, mwisho kaondoka. Na ripoti yetu ikamuandika kama kesi iliyomalizwa na boti kwa sababu hakuhamishwa! Imeniuma sana. Nyie mlifanyaje?

bi_tulivu: Weka kitufe cha "ongea na mhudumu" kionekane tangu meseji ya kwanza. Sisi tuliweka na kelele zikaisha, hayo mambo ya kuhesabu achana nayo.

mzee_wa_foleni: Dada kitufe ni lazima, hapo nakuunga mkono. Ila mtu mwenye hasira hatafuti kitufe, anaandika tu "NATAKA MTU", kwa hiyo boti ielewe na hayo maneno, imhamishe bila kumuuliza "una uhakika?". Na kitufe kinachompeleka kwenye foleni isiyo na mhudumu ni mtego uleule, umesogezwa tu mbele.

Fundi, kosa lenu ni kuhesabu mahali ambapo boti inakiri imeshindwa, wakati balaa kubwa ni pale inapokosea huku inajiamini. Sisi hesabu hairudi 0 mpaka mteja mwenyewe aseme amesaidika. Halafu jibu likitaka kutoka mara ya pili kwenye mazungumzo yaleyale, halitoki, anahamishwa. Mteja wako angetoka meseji ya 3. Mambo kama kukatwa hela mara mbili sisi hatuyasubirishi hata hapo, boti inachukua namba ya oda tu inampitisha, maana kurudisha hela yenyewe haiwezi.

sauti_ya_mezani: Mimi ndo napokea hao watu mkishawahamisha. Zamani nilikuwa naletewa chati nzima, meseji 30 au 40, na huku nina wateja wengine watatu wanasubiri, sina muda wa kusoma, nauliza "habari, nikusaidie nini" na mtu analipuka, ana haki kabisa kashaeleza mara tano. Wakatuwekea muhtasari juu ya chati: shida yake, oda gani, boti imejaribu nini. Ukanisaidia sana mpaka siku nikaletewa "mteja anataka kujua jinsi ya kulipa" na mteja alikuwa wa hela kukatwa mara mbili kama huyo wako. Muhtasari uliandikwa na boti ileile iliyomuelewa vibaya. Sasa chini yake tunaweka maneno ya mteja mwenyewe, yalivyo, na mimi ndo naanza kusoma hayo.

kaka_simu: Mimi nilibonyeza 0 nikaambiwa namba siyo sahihi, ikanirudisha mwanzo wa menyu mara nne. Wanatuchukuliaje hawa jamani?

mzee_wa_foleni: Pole ndugu yangu, hiyo yako ni menyu ya simu, hapa tunaongelea chati, ila ugonjwa ni mmoja, mlango wa kutokea umefichwa.

fundi_mjumbe: Mzee nimepitisha sheria yako kwenye chati za zamani. Kweli yule anatoka meseji ya 3. Ila nilikuwa nimeongeza na ya kwangu, mteja akiandika "hapana" ahamishwe, nikajikuta nahamisha hadi walioulizwa "kuna lingine?" wakajibu hapana. Hiyo naitoa. Na ile ripoti nimeshamwambia bosi, mtu aliyeondoka katikati bila kusema amesaidika asihesabiwe kama kamalizwa. Bado hajajibu.

Lililobaki ni usiku. Wahudumu hawapo, boti inasema "subiri nakuunganisha", chati inajifunga yenyewe baada ya dakika 10.

mzee_wa_foleni: Hapo boti iangalie kwanza kama kuna mhudumu kazini kabla haijafungua mdomo. Kama hakuna, iseme hivyo, ichukue namba ya simu, ifungue tiketi na imtajie saa ya kupigiwa.

sauti_ya_mezani: Na hiyo saa mtuulize sisi kwanza. Tuliwahi kukuta tiketi 60 asubuhi, zote mteja kaahidiwa kupigiwa saa 2 kamili, na mezani tulikuwa wawili.

bi_tulivu: Mh. Hilo la usiku hata sisi hatujalipatia jibu.