Hisa yenye thamani ya 1,500 inauzwa 900. Nihamishe hela kutoka kwenye vipande? Naombeni ushauri

Mama Dagaa wa Mwaloni: Habarini wana jukwaa. Nina milioni 9 kwenye vipande vya Mfuko wa Umoja. Sasa kuna kampuni ya uwekezaji iko kwenye soko la hisa la DSE, ripoti yake inasema thamani halisi ya kila hisa ni 1,500, lakini sokoni wanauza 900. Makato tukiyaacha, napata hisa 10,000 zenye mali ya milioni 15. Si ni kuokota huku?

Nyegezi Stendi: Nunua dada. Bei lazima ipande ifike kwenye thamani yake.

Dalali Mstaafu: Nani kasema lazima? Vipande unaurudishia mfuko wenyewe, nao unakulipa kwa thamani ya siku hiyo, ndiyo maana bei yake haiachani na mali. Hisa hizo kampuni hairudishiwi. Unamuuzia mtu mwingine, na asipotokea, 1,500 inabaki kwenye karatasi. Angalia pia ripoti ni ya lini, na kama ndani kuna hisa za kampuni zisizouzwa sokoni, maana hizo thamani yake ni makadirio tu. Hela unaihitaji lini?

Baba Kulwa: Mie nilinunua injini ya boti pale Igombe, ya milioni 4 nikaachiwa kwa 2 na nusu. Nikafurahi! Mwaka wa tatu huu natafuta mteja.

Mama Dagaa wa Mwaloni: Siyo haraka sana. Januari hivi.

Dalali Mstaafu: Januari kuna nini?

Mama Dagaa wa Mwaloni: Tunavunja kikoba. Tuko 12, mie mweka hazina. Ila wananiamini, na gawio la hiyo kampuni ni 60 kwa hisa. Ukinunua kwa 900 ni karibu asilimia 7.

Nyegezi Stendi: Duh! Kumbe hela za watu.

Dalali Mstaafu: Ingekuwa yako, na una miaka mitano ya kusubiri, ningekuambia nunua kiasi. Gawio linatoka kwenye mali ya 1,500 nawe umelipa 900, hapo umepata. Ila siyo hela ya Januari.

Jicho la Nyakato: Muuza dagaa anakokotoa gawio? Hili ni tangazo la hisa, mnachezewa.

Mama Dagaa wa Mwaloni: Kwani muuza dagaa hajui hesabu? Haya, niseme ukweli. Vipande vya milioni 1 na kidogo nimeshavirudisha, dalali kaninunulia hisa 1,200. Leo nimemuuliza nikiuza itakuwaje. Mnunuzi wa kwanza anataka hisa 300 kwa 860 kila moja, wa pili hisa 500 kwa 800. Baada ya hapo hakuna mtu.

Dalali Mstaafu: Yaani hisa 800 zinakupa 658,000, na 400 hazina mnunuzi. Ulilipa 1,080,000. Sasa fikiria ungekuwa na 10,000 wiki ya kugawana.

Jicho la Nyakato: Bado siamini.

Mama Dagaa wa Mwaloni: Usiamini. Oda iliyobaki nimeifuta. Hizi 1,200 niwaambie wenzangu, au nifidie kikoba kimyakimya nibaki nazo?

Baba Kulwa: Waambie. Na kama yupo mvuvi humo, injini bado ipo.