Naombeni ushauri, betri ya laptopu imevimba na imegandishwa kwa gundi

Habari zenu wakuu, laptopu yangu betri imevimba mpaka tachipadi haibonyezeki tena. Niliitumia bila chaja ikashuka chini ya 20%, nikaizima, nikafungua mfuniko wa chini na kuchomoa plagi ya betri kwenye bodi. Shida ni gundi, seli zote nne zimebandikwa kwenye kasha la aluminiamu la laptopu. Nimeweka alkoholi ya isopropili 99% kidogo kidogo pembeni kwa sirinji, nikasubiri kama dakika tatu, halafu nikapitisha uzi wa kusafishia meno chini nikivuta kushoto kulia kama msumeno, seli mbili za pembeni zikaachia bila kupinda. Ila ya tatu ndo imevimba kama mto na uzi unakwama katikati, nikiongeza nguvu naona inaanza kupinda nikaacha. Bisibisi sigusi kabisa, na draya ya nywele naiogopa kwa sababu ya joto. Nipo nje, ndoo ya mchanga iko pembeni, harufu tamutamu ya betri kuvuja sijaisikia bado.

Je, niongeze alkoholi nisubiri zaidi, au nitumie mshipi mwembamba wa kuvulia? Na hizi mbili zilizoachia nizishikilieje zisivute hiyo ya tatu, maana zimeungana kwa utepe mmoja?