Hipu mbili za mediani: lazima usawazishe kila namba ikiingia?

Kitunda_Dev: Wakuu naomba tulijadili hili. Seva yetu inanipa muda wa kujibu kila ombi, milisekunde zenye desimali, namba kama 2,000 kwa sekunde. Mediani naitunza kwa hipu mbili, ya chini ina nusu yenye namba ndogo na kileleni iko kubwa yao, ya juu ina nusu yenye namba kubwa na kileleni iko ndogo yao. Lakini mediani yenyewe inasomwa mara moja tu kwa dakika. Sasa kuna sababu gani ya kusawazisha kila namba ikiingia, si nisubiri mpaka mtu aulize? Kiongozi wa timu kakataa katakata.

Bingwa_Tabata: Kiongozi wako yuko sahihi na hapo hapana mjadala. Usiposawazisha hizo sio hipu tena, ni lundo la mchanga. Mediani inatoka kwenye vilele, vilele vikiharibika umekwisha. Hata kwenye intavyuu ukiandika bila kusawazisha hawakuiti tena. Mnaosomea kwenye video fupi ndo mnatuletea haya, mnakariri nusu.

Mzee_wa_Shina: Bingwa umechanganya vitu viwili. Kwenye hii kazi kuna masharti mawili na hayategemeani. La kwanza ni mpangilio, kila iliyoko chini isizidi yoyote iliyoko juu. La pili ni idadi, pande mbili zisipishane zaidi ya moja. La kwanza huwezi kulichelewesha hata kwa namba moja. La pili unaweza, kwa sababu namba mpya unailinganisha na kilele cha chini, ikiwa ndogo au sawa inabaki chini, ikiwa kubwa inaenda juu, na mpangilio unabaki salama hata upande mmoja ukijaa mara kumi ya mwenzake. Kinachoharibika ni kwamba kilele sio mediani tena mpaka uhamishe. Kwa hiyo Kitunda jibu ni ndiyo, unaweza kusubiri, ila anayeuliza ndiye atakayelipa.

Bingwa_Tabata: Mzee mimi hii kazi nimeifanya miaka, usiniambie nimechanganya. Kodi ya kawaida ni hii na inasawazisha kila mara:

```python
def weka(x):
    heappush(chini, -x)
    heappush(juu, -heappop(chini))
    if len(juu) > len(chini):
        heappush(chini, -heappop(juu))
```

Laini nne, haijawahi kuniangusha. Mwenye bora zaidi ailete.

dada_Rehema: Na mimi nimesomea kwenye video fupi, nina watoto wawili na kazi ya mchana, darasa la jioni sikuliweza. Kwani ukijua kitu kinakuuliza umekijulia wapi? Nataka Bingwa anijibu hilo kwanza.

Bingwa_Tabata: Sikukutaja wewe dada.

dada_Rehema: Umesema "mnaosomea", mimi nimo. Na kwa kuwa unatamba na laini nne, hebu waeleze watu kwanini namba inapita chini kwanza halafu ndo inaenda juu. Mimi nilijifunza kwa kuumia. Nilikuwa naangalia idadi tu, pande zikilingana naweka chini, zisipolingana naweka juu, bila kulinganisha namba. Ikaja 40 ikaenda chini. Ikaja 12 ikaenda juu. Mediani ikatoka 26, sawa kabisa, nikafurahi. Ikaja 95, pande zimelingana, ikaenda chini, kilele cha chini kikawa 95 na programu ikasema mediani ni 95. Mediani ya 12, 40 na 95 ni 40. Idadi ilikuwa imesawazika vizuri sana na jibu ni uongo. Ndo maana namba inapitishwa chini, ile kubwa ya huko itoke iende juu.

Mzee_wa_Shina: Mfano mzuri huo. Na angalia ulivyokupotosha, namba mbili za kwanza jibu lilikuwa sahihi, kwa sababu ukiwa na namba mbili tu hata ukizipanga kinyume wastani wao haubadiliki.

Pwani_Kodi: Jamani naomba kuuliza, mimi nimeprinti hipu yangu ya juu nikapata `[30, 50, 40, 70, 60]`. Haijapangika! Sasa mnaposema mpangilio mnamaanisha nini, au `heapq` ina tatizo?

Bingwa_Tabata: Unaona sasa? Ndo haya nasema.

Mzee_wa_Shina: Haina tatizo ndugu yangu. Hipu haikuahidi kupanga wote, imeahidi mzazi asimzidi mwanawe. Hapo 30 ni mzazi wa 50 na 40, halafu 50 ni mzazi wa 70 na 60, yote sawa. Cha kuangalia ni namba ya kwanza tu. Na ndo sababu kuingiza ni rahisi, ukiwa na namba milioni moja mti una ngazi kama 20 tu, namba mpya inapanda ngazi hizo basi, haiwagusi wengine.

mwl_Hisabati: Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimesoma mada yote na sielewi mnateseka nini. Alama za wanafunzi wangu ni 0 mpaka 100. Nachora visanduku 101, kila alama ikija naongeza moja kwenye kisanduku chake. Nikitaka mediani nahesabu kutoka chini mpaka nifike katikati. Hakuna hipu hakuna kusawazisha. Na naomba muache neno hipu, tuna lundo.

Pwani_Kodi: Mwalimu lundo ni kitu kilichotupwa ovyo, huku mzazi ana nafasi yake na mwana ana nafasi yake. Lundo linapotosha.

mwl_Hisabati: Na hipu kwa Kiswahili ni nini, kijana? Hata wenye lugha yao neno lenyewe maana yake ni lundo hilohilo. Mkiona aibu kutumia lugha yenu semeni.

dada_Rehema: Mwalimu lundo mimi nalipenda, ila ukisema "lundo la wakubwa" mtu wa kwetu anafikiria wazee wamerundikwa mahali.

mwl_Hisabati: Basi semeni "lundo la nusu ndogo" na "lundo la nusu kubwa". Lugha haikosi njia.

Kitunda_Dev: Wakuu swali langu. Nimemuelewa Mzee, jana nikatoa ukaguzi wa idadi kwenye `weka` nikauhamishia kwenye `soma`. Sasa kila namba nailinganisha na kilele cha chini tu. Nimejaribu 10, 20, 30, 40, 50 ikatoa 30, sawa. Lakini kwenye data ya kweli mediani iko chini sana kuliko ninavyotarajia. Ukaguzi ni huu:

```python
if len(juu) > len(chini):
    heappush(chini, -heappop(juu))
```

Mzee_wa_Shina: Umeacha `if`, weka `while`. Ukisawazisha kila namba, tofauti haiwezi kuzidi namba moja ya kuhamisha, kwa hiyo `if` inatosha. Ukichelewesha, tofauti inaweza kuwa yoyote. Na uandike na ya upande wa pili, ya kutoka chini kwenda juu, sharti lake `len(chini) > len(juu) + 1`. Testi yako imepita kwa bahati. Fuata mwenyewe, 10 inaingia chini, zilizobaki zote ni kubwa kuliko 10 zinaenda juu. Chini moja, juu nne. `if` inahamisha 20, sasa ni mbili kwa tatu, unasoma kilele cha juu unapata 30, ambayo ndiyo. Ongeza 60 na 70 uone. Chini moja, juu sita, inahamia moja, mbili kwa tano, unasoma 30 tena wakati mediani ni 40. Testi yoyote ya kuchelewesha ianzie namba saba zinazopanda, kisha saba zinazoshuka.

Bingwa_Tabata: Sasa mmeona faida ya kuchelewesha? Kosa. Ukisawazisha kila mara kosa hili halipo. Hiyo ndo pointi yangu tangu mwanzo.

Mzee_wa_Shina: Hapana Bingwa, mwanzo ulisema mediani inaharibika, sasa unasema ni rahisi kukosea. Hili la pili nakubaliana nawe. Lakini na kuokoa kupo. Chukua pande zikiwa sawa, zije namba kubwa 100 halafu ndogo 100. Ukisawazisha kila mara, unahamisha 50 kushuka, halafu zikija ndogo unahamisha 50 kupanda ndo zilingane. Ukisubiri mwisho, juu zimeongezeka 100, chini zimeongezeka 100, huhamishi hata moja. Ila data ikiwa inapanda tu, huokoi kitu, nusu itahama vilevile, tofauti ni kwamba itahama yote siku ya kuuliza. Kwa Kitunda dakika moja ni namba 120,000, siku mbaya anayesoma atasubiri 60,000 zihame.

Boda_Analytics: Mimi nina kesi kama hii hii, nataka mediani ya nauli za saa moja iliyopita. Nimesawazisha kila namba kama alivyosema Bingwa na bado inatoka vibaya.

dada_Rehema: Yako ni nyingine kaka. Yeye haondoi namba, wewe unaondoa za zamani. Hipu haitoi namba ya katikati kirahisi, kwa hiyo wengi tunaiwekea alama kwamba imekufa, ikifika kileleni ndo inatupwa. Shida `len` inahesabu na maiti. Chini zinaweza kuonekana 500 kumbe hai ni 380, unasawazisha maiti na walio hai. Weka kihesabu chako cha walio hai kila upande, usiguse `len` kabisa, na kabla ya kusoma au kuhamisha safisha kilele kwanza.

Boda_Analytics: Nilikuwa natumia `len`. Asante dada, nitarudi.

Pwani_Kodi: Mbona hakuna aliyeuliza memori? Namba 2,000 kwa sekunde ni 172,800,000 kwa siku, na hipu hizi hazitupi kitu. Python desimali moja ni baiti 24, kuielekeza kwenye listi baiti 8, hiyo ni kama GB 5.5 kwa siku moja. Kusawazisha au kutosawazisha haibadilishi hilo.

Bingwa_Tabata: Mzee bado hujaniambia hizo laini nne zina kosa gani.

Mzee_wa_Shina: Hazina kosa. Zina kazi ya ziada, kila namba inapita hipu mbili hata ikiwa mahali pake panajulikana. Ukilinganisha na kilele kwanza, nyingi zinaingia mara moja zinatulia.

mwl_Hisabati: Kijana wa memori amesema kweli na amepuuzwa. Visanduku vyangu havikui. Milisekunde 0 mpaka 9,999, visanduku 10,000, siku nzima.

Kitunda_Dev: Mwalimu nikiweka visanduku vya milisekunde moja moja napoteza desimali. Maombi mengi yanajibiwa ndani ya milisekunde 2 au 3, desimali ndo habari yenyewe.

mwl_Hisabati: Gawa kisanduku sehemu kumi.

Kitunda_Dev: Na ombi likikaa sekunde 40?

mwl_Hisabati: Liende kisanduku cha mwisho, "zaidi ya hapo". Mediani haijali limezidi kiasi gani, inajali limezidi.

Bingwa_Tabata: Ukifika nusu ya maombi yakazidi sekunde kumi kisanduku chako kitakuambia nini?

Kitunda_Dev: Kwa sasa nimeweka `while` pande zote mbili, na kwenye `weka` inasawazisha tofauti ikizidi 1,000 ili anayesoma asibebeshwe yote. Kiongozi bado hajakubali, anasema namba 1,000 nimeitoa wapi. Mwenye hoja ya namba hiyo aniambie, na la memori nalipeleka kesho kwenye kikao.